Saplaya mmoja, akaunti mbili: tulivyogawana umiliki wa rekodi kiwandani

Kiwandani kwetu tunatengeneza sabuni na mafuta ya kula, makao makuu yapo Dar, tuna depo Mwanza na nyingine Mbeya, na kwa miaka mingi kila mwenye paswedi ya mfumo aliweza kufungua saplaya mpya, mteja mpya, au bidhaa mpya ya stoo. Hakuna aliyeona shida kwa sababu kazi zilikuwa zinaenda. Mimi nilikuwa uhasibu, upande wa kulipa masaplaya, baadaye ndo nikahamishiwa kusimamia hizi rekodi mama zenyewe, watu wa IT wanaziita masta data. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyekabidhiwa hiyo kazi na hajui aanzie wapi, maana wengi wanaanza kwa kusafisha majina kwenye Excel na baada ya muda uchafu unarudi vilevile.

Kitu cha kuelewa kwanza ni kwamba kinga karibu zote ndani ya mfumo wa uhasibu zinafanya kazi kwa rekodi moja moja. Mfumo unakataa namba ya invoisi kujirudia, lakini kwa saplaya yuleyule. Unazuia mteja kuzidisha limiti ya mkopo, lakini kwenye akaunti ileile. Unakuambia stoo imefika kiwango cha kuagiza, lakini kwa namba ileile ya bidhaa. Sasa mtu mmoja akiwa na rekodi mbili, kinga zote hizo zinabaki zimewashwa, ripoti zinatoka safi, na hazikingi chochote. Hakuna taa nyekundu inayowaka. Ndo maana rekodi dabo ni hatari kuliko rekodi yenye kosa, kwa sababu kosa utaliona ila dabo haionekani mpaka hela itoke.

Kwetu hela ilitoka kupitia wekshopu moja inayoturewaindia mota. Akaunti yao ya kwanza ilifunguliwa Dar zamani, jina limeanza na "M/S" halafu jina la kampuni halafu COMPANY LIMITED kwa kirefu. Ofisa wa depo Mwanza alipotaka kuingiza kazi yao alitafuta kwa jina, na utafutaji wa mfumo wetu ulikuwa unaanzia herufi ya kwanza, kwa hiyo akiandika jina la kampuni haioni kitu kwa sababu kwenye mfumo jina linaanza na M/S. Akafungua mpya, CO LTD, sehemu ya TIN akaacha wazi kwa sababu mfumo haukumlazimisha. Hakufanya chochote kibaya yule kijana, alitafuta, hakuona, akafungua, na mzigo wake ulikuwa unasubiri.

Ikaja mota ya pampu ya Mwanza, imeungua, ikaletwa Dar kurewaindiwa, ikarudi. Invoisi namba 0347, shilingi 4,000,000 na VAT ya 18% yaani 720,000, jumla 4,720,000. Wekshopu wakaiskani wakaituma kwa imeili uhasibu Dar, fundi mkuu akasaini kwamba kazi imefanyika, ikaingizwa kwenye akaunti ya M/S na ikalipwa. Karatasi yenyewe ilisafiri na mota mpaka Mwanza, kule wakaipokea na noti ya kupelekea mzigo, wakaiingiza kwenye akaunti ya CO LTD, na kwenye awamu iliyofuata ya malipo ikalipwa tena. Kazi za matengenezo ya dharura tulikuwa tunaagiza kwa simu bila LPO, hivyo ule ulinganisho wa LPO, hati ya kupokelea na invoisi haukuwa na cha kulinganisha. Mfumo ukauliza, 0347 imeshawahi kuingia kwa saplaya huyu? Jibu ni hapana, kwa sababu kwa CO LTD haijawahi. Tena input VAT ya ile risiti moja ikawa imeingia mara mbili kwenye ritani yetu, na hilo ni jambo la kujieleza kwa TRA na sio la ndani ya nyumba tena.

Ukiangalia vitabu vyetu vyote viko sawa. Akaunti ya M/S haina deni, akaunti ya CO LTD haina deni. Aliyegundua ni mhasibu wa wekshopu mwenyewe, alipiga simu akaniambia "dada, kuna hela zenu huku, steitimenti yangu inaonyesha mmezidisha". Mshukuru Mungu kwa watu wa namna ile. Ila ndo ikatufungua macho kwamba kulinganisha steitimenti ya saplaya na kitabu chetu tulikuwa tunafanya kwa masaplaya wakubwa peke yao, na hawa wa kati ambao ndo wanafunguliwa akaunti mbilimbili hakuna aliyewagusa.

Basi ikaitwa kikao. Swali la mkurugenzi lilikuwa moja tu, hii data ni ya nani? IT wakasema sisi tunatunza mfumo na baki-apu, hatujui saplaya yupi ni yupi. Manunuzi wakasema akaunti inafunguliwa ili mtu alipwe kwa hiyo ni ya uhasibu. Mhasibu mkuu akasema mimi simjui saplaya, naletewa. Na kwa kweli kila mmoja alikuwa na haki yake, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa kubwa mno. Rekodi nzima ya saplaya haina mwenyewe mmoja. Tulipofungua skrini na kushuka kisanduku kimoja kimoja ndo mambo yakaanza kunyooka.

Kwa kila kisanduku tuliuliza maswali mawili: nani anaujua ukweli wake toka kwenye chanzo, na nani anaumia kikikosewa. Kwa saplaya, jina la mawasiliano, aina ya huduma, siku za malipo walizokubaliana, hivyo ni vya manunuzi kwa sababu wao ndo walikaa mezani na saplaya. TIN, namba ya usajili wa VAT na akaunti ya benki ni vya uhasibu, kwa sababu kosa la TIN linakuja kwenye ritani yao na kosa la benki linatoa hela yao. Kwa mteja, eneo, simu, anwani ya kupeleka mzigo ni vya mauzo, ila limiti ya mkopo na siku za kulipa ni vya mtu wa madeni, na hapa watu wa mauzo walipinga sana, wanasema mteja anawapigia wao. Sawa, wapendekeze, ila anayeandika namba kwenye kile kisanduku asiwe anayelipwa komisheni kwa kuuza. Kwa bidhaa za stoo, maelezo, kipimo na namba ya mtengenezaji ni vya ufundi, uhasibu wanabaki na kundi la gharama, manunuzi wanabaki na muda wa kuagiza.

Halafu tukatenganisha mwenye uamuzi na anayeandika. Wenye uamuzi ni wengi kama nilivyoeleza, lakini anayeandika kwenye mfumo ni dawati moja, watu wawili, na haki ya kufungua rekodi mpya ikaondolewa kwa wengine wote, mpaka kwa mhasibu mkuu mwenyewe. Hao wawili wa dawati hawana haki ya kuingiza invoisi wala kuandaa malipo. Hilo halina mjadala, mtu anayeweza kufungua saplaya na pia kumlipa anaweza kujilipa mwenyewe, na sisemi kwamba watu wetu ni wezi, nasema hakuna haja ya kumweka mtu mahali hapo.

Akaunti ya benki tuliipa utaratibu wake peke yake. Saplaya akileta barua kwamba amebadili benki, haibadilishwi kwa barua. Tunapiga simu kwa namba iliyokuwepo kwenye faili kabla ya barua kuja, kamwe sio namba iliyoandikwa kwenye barua hiyo, maana anayetaka kukuibia ataweka yake. Mmoja anapiga, mwingine anaidhinisha, ndo inaandikwa.

Sasa sheria ya kuzuia dabo. Watu wanafikiri ni kutafuta jina vizuri, na jina ndo kitu cha mwisho kabisa cha kutegemea. Hapa kwetu mtu huyohuyo ni Mohamed, Mohammed, Muhammad, Mohamedi. Yusuf ni Yusuph na Yusufu. Abdallah kuna anayeweka h na asiyeweka, na yeye mwenyewe kadi ya biashara imeandikwa hivi na leseni imeandikwa vile. Ongeza LTD, LIMITED, CO, & na AND. Kwa hiyo tunatafuta kwa mpangilio huu: TIN kwanza, ikikosekana namba ya simu, halafu akaunti ya benki, halafu ndo jina, na jina tunatafuta kwa neno la katikati lisilo la kawaida, sio neno la mwanzo.

TIN ya Tanzania ni tarakimu 9, lakini mmoja anaiandika na vistari, mwingine na nafasi, mwingine imeshikana, na kwa kompyuta hizo ni TIN tatu tofauti. Simu ndo balaa zaidi, 0712 na 255712 na +255712, na Excel ikiiona 0712 inadhani ni hesabu na kuifuta ile sifuri ya mbele. Tulichofanya kabla ya kulinganisha chochote ni kutengeneza safu mbili za pembeni, H ya TIN safi toka safu ya C yenye TIN, na I ya tarakimu 9 za mwisho za simu toka safu ya D yenye simu, kwa sababu hizo 9 za mwisho hazibadiliki hata mtu aandike vipi mwanzo wake.

```
H2: =SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(TRIM(C2),"-","")," ","")
I2: =RIGHT(SUBSTITUTE(D2," ",""),9)
J2: =IF(H2="","HAINA TIN",COUNTIF(H:H,H2))
```

Safu ya J inahesabu TIN hiyo imejitokeza mara ngapi, kila penye 2 au zaidi pana kazi. Wale wa HAINA TIN usiwachukulie kama wako salama, hao ndo kundi baya kuliko yote, na CO LTD wetu alikuwa humo. Kwa hao tulihesabu I badala ya H, na waliobaki tukawalinganisha kwa akaunti ya benki. Ulinganisho wa benki una faida nyingine, ulinganishe pia na akaunti za mishahara ya wafanyakazi. Ukikuta akaunti moja ipo kote kuwili usipige kelele ofisini, peleka kwa mkaguzi wa ndani kimya.

Baada ya hapo TIN ikawa kisanduku cha lazima kwenye mfumo, na tukaomba IT wakiwekee sharti kwamba kinapokea tarakimu 9 tu na hakikubali iliyokwishakuwepo. Tena lazima tuone cheti chenyewe cha TIN, picha inabandikwa kwenye rekodi, hatuandiki ya kutajiwa kwa simu. Hiki kizuizi kimoja kimetusaidia kuliko mafunzo yote tuliyoendesha.

Lakini mwezi wa kwanza kizuizi kikaleta shida yake. Kuna mfanyabiashara wa jumla mwenye maduka Kariakoo, Tandika na Mbagala, TIN moja ya kwake binafsi, kwetu alikuwa na akaunti tatu. Watu wa mauzo wakasema hizi sio dabo, ni maduka matatu tofauti yenye wauzaji tofauti. Tukabishana sana. Kilichomaliza ubishi ni swali la mtu wa madeni, asipolipa tunamdai nani? Tunamdai mtu mmoja. Basi akaunti ni moja, na maduka yanakuwa anwani tatu za kupelekea mzigo chini ya akaunti hiyo. Tulipojumlisha tukakuta limiti yake ilikuwa milioni 20 kwa kila akaunti, yaani bila mtu yeyote kuamua, kampuni ilikuwa imemkopesha mpaka milioni 60, na duka la Tandika lilikuwa limechelewa kulipa wakati la Kariakoo linaendelea kupakia. Hakukuwa na ujanja kwa upande wake, sisi ndo tulimpa. Tulikaa nae, limiti mpya ikawekwa moja, kubwa kidogo kuliko 20 lakini yenye saini ya mtu.

Kinyume chake pia kipo, kuna taasisi ambazo kila kituo kinalipa kwa bajeti yake na kinasaini chenyewe, hizo tumeziacha akaunti tofauti, kwa swali lilelile la nani anadaiwa.

Upande wa stoo ndo ulinifundisha zaidi kwa sababu bidhaa haina TIN. Siku moja mashine ya kukata sabuni imesimama, beringi imekufa, mfumo unasema zipo sifuri, manunuzi wameshatuma mtu mtaa wa Gerezani, kule kwenye maduka ya spea Dar, kutafuta kwa keshi. Nikashuka stoo na fundi mkuu, mzee mmoja anayejua mota kuliko sisi wote, akapita kwenye rafu akatoa boksi la NTN limeandikwa 6204LLU, akasema "hii si hii hapa". Zilikuwepo kumi na kitu, zina vumbi. Mfumo ulikuwa na namba nne za bidhaa:

```
BEARING 6204 2RS
BERINGI 6204 RUBBER
6204DDU NSK
6204LLU NTN
```

Zote ni beringi moja. Tundu milimita 20, kipenyo cha nje 47, unene 14, sili za mpira pande zote mbili. SKF wanaiandika 6204-2RSH, NSK wanasema DDU, NTN wanasema LLU, kila mtengenezaji na herufi zake kwa kitu kilekile. Kiwango cha kuagiza kiliwekwa kwenye ile namba ya kwanza, ikifika chini tunanunua, wakati namba ya nne imejaa na hakuna anayeichukua kwa sababu hakuna anayeitafuta kwa jina hilo.

Mimi nikataka kuunganisha kila chenye 6204. Mzee akanizuia, "subiri mwanangu, sio zote". 6204ZZ ina vifuniko vya chuma badala ya mpira, na yenye C3 mwishoni ina nafasi kubwa zaidi ndani kati ya gololi na njia yake, inafungwa kwenye mota zinazopata joto. Vipimo vya nje vinafanana kabisa, zinaingia mahali palepale, ukiweka isiyo C3 kwenye mota inayochemka inabana ikishapanuka na haidumu. Kwa hiyo beringi mbili zenye majina yanayofanana zilipaswa kubaki mbali, na nne zenye majina tofauti zilipaswa kuwa moja. Programu ya kulinganisha majina ingefanya kinyume chake. Hapo ndo niliona kwa nini mwenye kisanduku cha maelezo ni fundi, na dawati letu kazi yetu ni kuhakikisha amejibu.

Tukatunga mtindo wa kuandika: neno la kitu kwanza, halafu namba ya kawaida, halafu sili, halafu nafasi ya ndani, halafu vipimo, daima kwa mpangilio huo, jina la mtengenezaji halimo kabisa.

```
BERINGI 6204 2RS CN 20x47x14
BERINGI 6204 2RS C3 20x47x14
BERINGI 6204 ZZ  CN 20x47x14
```

CN ni nafasi ya kawaida, watengenezaji huwa hawaiandiki kwenye boksi, sisi tumelazimisha iandikwe ili kukosekana kwake kusije kukamaanisha "sijaangalia". Namba za watengenezaji, yaani 6204DDU na wenzake, zinakaa kwenye orodha ya pembeni ndani ya rekodi hiyohiyo, na utafutaji unazisoma. Mtu akija na boksi la aina yoyote anaandika kilichoandikwa kwenye boksi na anafika kwenye namba moja. Hii inafaa kwetu kwa sababu sisi tunazitumia. Kama ungekuwa na duka la spea, ambapo mteja analipa bei tofauti kwa SKF na ya bei rahisi, ungehitaji namba kwa kila chapa na kiungo cha kuonyesha zinaweza kubadilishana, usinakili yetu hivihivi.

Kipimo nacho tulikifunga. Hosi ya haidroliki mmoja anaipokea kama roli 1, mwingine anaitoa kama mita 3, na mfumo unaishia kuonyesha roli hasi. Kipimo cha msingi ni kile kidogo ambacho kinatolewa stoo, hosi ni mita, oili ni lita hata kama imeingia kwa pipa, na kikishatumika mara moja hakibadilishwi tena, ukikosea unafungua namba mpya na kuifunga ya zamani.

Kuhusu kuunganisha zile zilizokwishakuwa dabo, hatufuti kitu, kwa sababu miamala ya nyuma imeshikilia namba zile na mkaguzi ataziuliza. Kwa bidhaa tunahesabu kwanza kwa mkono rafuni, kisha tunahamisha salio kwenda namba inayobaki kwa thamani yake, uhasibu wakiidhinisha kwa sababu wastani wa gharama unabadilika, kisha tunaangalia kama kuna LPO zilizo wazi kwenye namba ya zamani, hilo watu wanalisahau na mzigo ukija unapokelewa kwenye namba uliyodhani umeiua. Mwisho namba inafungwa na kwenye maelezo yake inaandikwa TUMIA na namba mpya. Kwa saplaya ni vivyo hivyo, salio na malipo ya awali yanahamishwa kwa jono, invoisi zisizolipwa zinahamishwa moja moja, na akaunti inayobaki ni ile yenye TIN iliyohakikiwa hata kama jina lake limeandikwa vibaya, jina unalirekebisha baadaye. Ile ya wekshopu tulibakiza M/S, tukaondoa hiyo M/S, na ile 4,720,000 saplaya akatupa krediti noti tukakata kwenye kazi iliyofuata, uhasibu wakarekebisha na ritani.

Kitu ambacho karibu kiharibu kila kitu ni muda. Mwanzoni ombi la saplaya mpya lilikuwa linazunguka saini tano na kuchukua wiki, kwa hiyo watu wakagundua mlango wa nyuma, ile akaunti ya "saplaya wa mara moja" iliyopo kwenye mfumo kwa manunuzi madogo ya keshi. Nilipoifungua nikakuta ina majina ya kila aina kwenye maelezo, mengine yamejirudia kila wiki, ina maana dabo zote tulizozifukuza zimehamia pale na sasa hata kuzihesabu huwezi. Tukapunguza saini zikawa mbili, aliyeomba na uhasibu wenye kisanduku cha TIN, na tukatoa ahadi kwamba ombi kamili likifika kabla ya saa nne asubuhi linafunguliwa siku hiyohiyo. Akaunti ya mara moja ikawekewa kikomo cha kiasi, na kila mwezi naipitia, jina likionekana mara ya pili linafunguliwa rekodi yake. Ukitaka kujua kama utaratibu wako unaheshimiwa usiangalie rekodi mpya, angalia akaunti hiyo inavyonenepa.

Kuna sehemu bado inatusumbua, wateja wadogo wanaonunua katoni chache pale depo Mbeya, wengi hawana TIN na laini za simu wanabadilisha. Tulifikiria kutumia namba ya NIDA, tukaacha, kwa sababu mtu anayenunua katoni mbili za sabuni kwa keshi hatuna sababu ya kubaki na namba ya kitambulisho chake. Kwa sasa tumekubaliana hivi: anayenunua keshi hafunguliwi akaunti, anaingia kwenye akaunti moja ya wateja wa keshi ya depo husika. Siku anapotaka mkopo, hata wa katoni kumi, ndo analeta TIN na anafunguliwa. Watu wa mauzo Mbeya wanalalamika kwamba hawawezi kuona nani ananunua mara kwa mara ili wampe ofa, na wana hoja, tunajaribu kadi ya pointi isiyogusana na uhasibu kabisa.

Kama kuna mdau amefanya hii ya wateja wa keshi kwa njia nzuri zaidi, hasa depo za mikoani ambako mtandao unakatika na watu wanaandika kwenye daftari kwanza, naomba aniambie anatambuaje mtu yuleyule akirudi.